Cheni iliyokazwa "kwa ajili ya safari"

*Fundi, natoka Dar kwenda Mbeya na Boksa 150, mke wangu nyuma na begi moja. Fundi wa mtaani kanikazia cheni mpaka haichezi, anasema njiani italegea yenyewe. Nibebe spea gani, na siku moja inatosha?*

Ndugu yangu, kabla ya spea, kailegeze hiyo cheni leo. Kila wiki naletewa pikipiki iliyoumizwa na ushauri huo, na unanikera kweli.

Mkikaa wawili shokapu zinashuka, na gurudumu la nyuma linasogea mbali kidogo na spoketi ndogo. Cheni inazidi kukaza. Kama haikuwa na nafasi pikipiki ikiwa tupu, kwenye tuta la kwanza haina pa kwenda: inaivuta shafti inayobeba spoketi ndogo, na beringi yake ndiyo inayolipa. Utasikia mvumo unaopanda na mwendo, kisha oili inaanza kuvuja nyuma ya spoketi. Kufikia hapo hulipii cheni tena, unapasua injini.

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gia huru. Zungusha gurudumu polepole huku ukiisukuma cheni ya chini kwa kidole, katikati ya spoketi mbili, hadi upate mahali ilipokaza kuliko pote. Cheni hailiki sawasawa, na wengi wanakosea kwa kupima sehemu moja tu. Hapo ilipokaza, icheze juu na chini sentimita 2.5 hadi 3.5; kitabu cha pikipiki yako kikitaja kipimo kingine, fuata kitabu. Alama za kulia na kushoto kwenye ekseli zilingane. Kisha kaeni wote wawili na begi, mtu wa tatu aiguse: lazima bado icheze.

Spea ni chache: klipu ya cheni, tyubu ya nyuma, plagi, waya wa klachi, viraka na pampu. Muhimu zaidi ni spana inayoingia kwenye nati ya ekseli. Nimeona watu wamebeba tyubu mbili wakalala porini kwa kukosa spana hiyo.

Siku moja haitoshi. Ni zaidi ya kilomita 800. Lala Mikumi mjini, ukiwa umeshavuka hifadhi mchana, maana usiku wanyama wanakatiza barabara. Kesho yake panda mlima wa Kitonga asubuhi ukalale Iringa, siku ya tatu umalizie Mbeya. Kila kilomita 80 hivi shukeni, mtembee dakika 15. Jioni, cheni ikiwa bado ya moto, ipake oili safi. Asubuhi ipime tena.

Na anayekuuzia vidonge vya kukesha, au anayekupakia oili chafu ya injini kwenye cheni, mkatalie. Oili ile ina chembe za chuma zinazosaga pini. Fundi akikaza cheni bila kukupandisha juu ya pikipiki, hajapima kitu.