Ukitoa kitu kwenye picha, umeweka kingine

Swali la wiki: "Klabu ya wapiga picha ya mtaani kwenu imekupa dakika tano uwaambie lini kutoa kitu kwenye picha ni kumdanganya anayeitazama. Utawaambia nini?"

Ningeanza na hiki tunachokifanya kila siku hapa Moshi, mtu umepiga mlima asubuhi kabla mawingu hayajafunika Kibo, waya wa umeme umepita katikati, unafungua Snapseed, unaenda Healing, unapitisha kidole na waya haupo tena. Sasa pale ulipokuwa waya pamekaa nini? Simu haijui nyuma ya waya kulikuwa na nini, inachukua anga au majani ya pembeni yake inabandika pale, yani umetoa kitu na hapo hapo umeweka kingine ambacho kamera haikukiona. Ndo maana kufuta sio sawa na kukata pembeni ya picha. Ukikata unapunguza eneo tu, kilichobaki chote kilikuwepo (kukata nako kunaweza kudanganya, ukimtoa anayefukuza ukabakiza anayekimbia, ila hiyo inataka siku yake).

Alafu ningewapa kisa cha Narciso Contreras. Septemba 2013 alikuwa Syria anapigia picha shirika la habari la AP, akampiga mpiganaji wa waasi amejificha kwenye mawe, na chini kabisa kwenye kona ya kushoto ikaingia kamera ya video ya mwandishi mwenzake imewekwa chini. Akaona inaharibu picha, akachukua sehemu nyingine ya ardhi ya picha ile ile akaifunikia, akatuma. Januari 2014 AP wakakata naye uhusiano na picha zake wakaziondoa kwenye hifadhi yao ya kuuzia. Huyu alikuwa kwenye timu iliyopata tuzo ya Pulitzer 2013 kwa picha za vita hiyo hiyo, na walivyopitia karibu picha zake 500 nyingine hawakukuta tatizo. Ni kona moja tu.

Najua kuna watakaosema kamera chini kwenye mawe inabadilisha nini, mpiganaji ni yule yule. Mimi naona inabadilisha. Bila ile kamera unamuona mtu yuko peke yake na vita yake, ukiiona unajua pale kulikuwa na waandishi wengine wanarekodi, na anayetazama ana haki ya kujiuliza kama mtu anakaa vile vile akijua anarekodiwa. Picha ya habari inamwambia mtu hivi ndivyo ilivyokuwa sekunde ile, kwa hiyo hata kitu cha kupita, kamera, mfuko, mguu wa mtu, ni sehemu ya sekunde ile.

Sasa uje kwenye kazi zinazotulisha wengi wetu huku, picha za lodji. Tuseme mwenye lodji anataka chumba chenye mlima dirishani, na dirishani kuna Kibo kweli ila mbele yake kuna mnara wa simu na pikipiki imepaki getini. Pikipiki toa, kesho haipo na mgeni hatopungukiwa kitu. Mnara usiuguse, sababu mgeni analipia kile atakachokiona akifungua pazia, na mnara ataukuta. Na sio lazima ufute ndo udanganye, ukipanda juu ya paa ukapiga mlima bila mnara alafu wakaiweka kama picha ya chumbani ni uongo ule ule japo hujagusa kitu. Ila mtu akitaka mlima ule bila mnara autundike sebuleni kwake mpe, yeye hauziwi chumba.

Kama wewe ndo unapokea picha za wenzako, ivute uikuze uangalie jiwe au tawi linalojirudia mara mbili, uangalie kivuli au taswira kwenye maji ambayo mwenyewe hayupo, na kama imepigwa kwenye mwanga hafifu tafuta sehemu iliyolainika wakati kuzunguka kote kuna chenga chenga. Lakini mtu akifuta vizuri hutoona kitu, na programu za siku hizi zinafuta vizuri sana, kwa hiyo kwenye mashindano ya klabu ningesema kila picha inayoingia kundi la habari au wanyama ije na faili la RAW, au picha ya simu kama ilivyotoka kabla ya kuguswa. Doa la vumbi la kwenye sensa futeni bila wasiwasi, hilo halikuwa mbele ya lenzi. Kola ya tembo ilikuwepo, basi ibaki shingoni, aliyeitazama picha asije akadhani tembo yule hafuatiliwi na mtu.