Nilichanganya michele miwili kwenye sufuria moja ya pilau

Basmati iliniishia wageni wakiwa njiani, nikaongezea mchele mwingine mrefu wa manjano hafifu niliokuwa nao kabatini. Maji nikapima yale yale. Pilau ilipoiva, basmati ilikuwa imeanza kupasuka na ule wa manjano bado una kiini. Nikaongeza maji ya moto: wa manjano ukaiva, basmati ikawa bokoboko.

Ule wa manjano ulikuwa umepitishwa kwenye mvuke ungali mpunga. Mpunga hulowekwa na maganda yake, hupikwa kwa mvuke, hukaushwa, ndipo hukobolewa. Kwa joto lile wanga ulio ndani huvimba na kushikana, na ukikauka huwa mgumu na kuziba nyufa za punje. Ndiyo maana punje zake hung'aa kama kioo na hazivunjiki ovyo kinuni. Sehemu ya vitamini B iliyoko kwenye pumba nayo huhamia ndani. Ila ukija jikoni, maji hupenya polepole.

Basmati na jasmine hazikupitia hayo. Zinatofautiana kwa aina ya wanga. Basmati ina amilosi, yaani wanga usionata, nyingi zaidi, kwa hiyo wali wake huchambuka. Jasmine ina kidogo, hulainika mapema na kushikana; ukiizidishia maji kidogo tu, inarojeka.

Jambo lililonichukua miaka kulielewa ni hili: mchele wowote kati ya hiyo hunywa maji takriban sawa na ujazo wake, kikombe kwa kikombe. Yanayobaki hupotea kwa mvuke. Mchele unaokaa motoni muda mrefu unahitaji maji zaidi kwa sababu mengi yataondoka kabla haujaiva.

Kwa vikombe 2 vya mchele, sufuria yenye mfuniko wa kubana na moto mdogo, mimi hufanya hivi. Basmati naloweka dakika 30, namwaga maji yale, naweka vikombe 3 vipya, dakika 12, kisha naiacha imefunikwa dakika 10 nyingine. Jasmine naiosha tu. Vikombe 2 na nusu, dakika 12 hadi 15. Wa manjano, bila kulowekwa, vikombe 4 na dakika 20 hadi 25. Ukiuloweka saa nzima, punguza nusu kikombe.

Ukipika mara mbili ya hapo, usizidishe maji mara mbili. Mvuke hutegemea sufuria, mfuniko na muda. Kwa vikombe 4 vya mchele wa manjano mimi huanza na maji 7, si 8.

Kama mfuko hauna maelezo, loweka punje chache nusu saa. Basmati ya kawaida hugeuka nyeupe kama chaki na hukatika ukiibana kwa kucha. Uliopitishwa mvuke bado utakaza. Ukiwa na yote miwili na wageni mlangoni, pika kila mmoja sufuria yake, uchanganye kwenye sinia.