Ofa ya Fleti Ambayo Haijajengwa: Pima Unacholipa kwa Kazi Iliyokwisha Kusimama

Hivi karibuni msomaji mmoja alinitumia picha ya barua ya ofa aliyopewa na mwendelezaji anayeuza fleti ambazo bado ziko kwenye ramani, akaniandikia: "Dada, nimefarijika kuona malipo yanafuata hatua za ujenzi, maana sitalipa mpaka wajenge. Nisaini?" Nilimjibu siku hiyohiyo kwamba asisaini kwanza. Jibu langu lilikuwa fupi mno kwa jambo zito kama hili, na kwa kuwa mimi mwenyewe nimepita njia hiyo na leo ninaishi katika fleti niliyoinunua kwa utaratibu huo, nimeona nimjibu hapa kwa urefu unaostahili.

Ratiba aliyopewa ilikuwa hivi: asilimia 10 za kushika nafasi, asilimia 20 wakati wa kusaini mkataba, asilimia 20 msingi utakapokamilika, asilimia 20 ujenzi utakapofika ghorofa ya pili, asilimia 15 slabu ya juu kabisa itakapomwagwa, asilimia 10 wakati wa plasta, na asilimia 5 siku ya kukabidhiwa funguo. Ukiisoma mstari kwa mstari huoni ubaya wowote, kwa sababu kila fungu lina hatua yake. Ubaya huonekana unapojumlisha kutoka juu kwenda chini. Mnunuzi huyu atakuwa amelipa asilimia 30 kabla ardhi haijachimbwa, asilimia 50 msingi unapokamilika, na asilimia 85 siku slabu ya juu inapomwagwa, wakati jengo lina nguzo, boriti na sakafu za zege tu, bila kuta za ndani, mabomba, nyaya, madirisha, vigae wala lifti.

Wanunuzi wengi hudhani kwamba jengo likishafika juu limekaribia kwisha, na waandaaji wa ratiba hizi wanaijua sana dhana hiyo. Katika jengo la kawaida la ghorofa, msingi na fremu ya zege kwa kawaida havifiki hata nusu ya gharama ya ujenzi, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha humezwa na kuta, umaliziaji, maji, umeme na mitambo. Fremu ndiyo inayopanda haraka, kila mtu akaiona kutoka barabarani, ilhali umaliziaji huenda polepole na hauonekani kwa nje. Kwa hiyo ratiba inayokusanya fedha nyingi wakati wa fremu humlipa mwendelezaji kwa kazi rahisi na kumwachia motisha ndogo katika kazi ngumu.

Tuichukue ofa hiyohiyo na kuifanyia hesabu. Tuseme bei yote ya fleti ni mafungu 100, kati yake mafungu 20 ni ardhi, mafungu 20 ni vibali, usimamizi na faida ya mwendelezaji, na mafungu 60 ndiyo ujenzi wenyewe. Tuseme pia msingi na fremu vinachukua asilimia 40 za ujenzi, yaani mafungu 24. Siku slabu ya juu inapomwagwa, kinachoonekana kwa macho ni ardhi ya mafungu 20 na zege la mafungu 24, jumla 44, wakati mnunuzi amekwisha kutoa 85. Kazi iliyobaki inahitaji mafungu 36, lakini mnunuzi amebakiwa na deni la mafungu 15 tu. Upungufu wa mafungu 21 lazima utoke mfukoni mwa mwendelezaji, kwa mkopo wake, au kwa fedha za watu ambao bado hawajanunua. Soko likipoa au benki yake ikisita, kazi husimama hapohapo kwenye fremu, na huyu mnunuzi hana tena fedha ya kumbana nayo mtu.

Hii ndiyo hesabu ninayoisisitiza: katika kila hatua, fedha ambayo bado hujalipa itoshe kumaliza kazi ambayo bado haijafanyika. Ratiba ya asilimia 10 wakati wa kusaini, 15 kwa msingi, 25 kwa fremu nzima, 15 jengo linapozibwa lisiingize maji huku mabomba na nyaya vikiwa ukutani, 15 kwa umaliziaji, 15 kwa funguo pamoja na kibali cha jengo kukaliwa, na 5 za mwisho baada ya muda wa kurekebisha kasoro, ingemwacha mnunuzi yuleyule na mafungu 50 mkononi wakati fremu inakamilika, dhidi ya kazi ya mafungu 36. Huko ndiko kulindwa.

Atakayekwambia kwamba ratiba ya namna hiyo haiwezekani, mjibu kwamba zipo nchi zilizoiweka katika sheria. Ufaransa, mwendelezaji haruhusiwi kuwa amekusanya zaidi ya asilimia 35 msingi unapokamilika, asilimia 70 jengo linapozuiwa kuingia maji, na asilimia 95 ujenzi unapokamilika. Asilimia 5 za mwisho hutolewa wakati wa makabidhiano, na mnunuzi akikuta nyumba hailingani na mkataba anaweza kuziweka kwa mtu wa tatu mpaka mgogoro uishe. Singapore, katika ratiba ya kawaida, fremu ya zege hudaiwa asilimia 10 tu, na asilimia 40 za bei husubiri jengo liruhusiwe kukaliwa na umiliki ukamilishwe.

Sasa nije kwenye jambo lililonigusa mimi mwenyewe, ambalo asilimia peke yake haziwezi kulitibu. Nilipokuwa ninanunua, mradi ulikuwa na majengo kadhaa katika kiwanja kimoja, na fleti yangu ilikuwa katika jengo la nyuma kabisa. Rasimu ya mkataba ilisema fungu la fremu litadaiwa "ujenzi utakapofika slabu ya ghorofa ya pili". Wakili wangu alikataa maneno hayo na kuweka mengine: "slabu ya ghorofa ya pili ya jengo lenye fleti hii itakapokuwa imemwagwa yote, na msanifu majengo asiyeajiriwa na muuzaji kuthibitisha kwa cheti chenye tarehe." Ofisa mauzo alilalamika kwamba tunachelewesha mambo kwa maneno madogomadogo, lakini tulishikilia, na mwishowe wakakubali.

Miezi michache baadaye ilikuja barua ya kunidai fungu hilo, ikiambatana na picha nzuri ya slabu iliyomwagwa na mafundi wamesimama juu yake. Niliitazama picha ile kwa muda mrefu. Nyuma ya mafundi lilionekana lango la kuingilia mradini, na jengo linalopakana na lango ni la mbele, si letu. Nilikwenda kwenye eneo la ujenzi nikakuta jengo letu lina nguzo fupi zilizochomoza nondo juu ya msingi, na mbao za kumwagia zege zimeegeshwa pembeni. Nikaandika barua ya heshima kwamba sitalipa mpaka nipate cheti kinachotaja jengo letu.

Yaliyofuata bado yananiuma nikiyakumbuka. Nilipigiwa simu nikaambiwa kwamba wenzangu wote wamekwisha kulipa na mimi peke yangu ndiye ninayekwamisha mradi. Nikatishiwa riba ya ucheleweshaji. Na baadhi ya wanunuzi wenzangu wakaniita mkorofi mbele ya watu. Kisha jengo letu likasimama kwa miezi mingi kwa sababu fedha zilikuwa zimepelekwa jengo la mbele. Wale waliokuwa wamelipa hawakuwa na la kufanya isipokuwa kuomba. Sisi wachache tuliokuwa tumeshikilia mafungu yetu ndio tulioitwa mezani, na kwa sababu ya fedha ile mafundi walirudi. Ninajivunia kifungu kile kuliko kitu chochote kilichomo katika fleti yangu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usikubali hatua iliyoandikwa kwa neno lisilopimika. "Ujenzi unaendelea", "umefika" na "kazi ya plasta" si hatua, kwa sababu plasta ya chumba kimoja nayo ni kazi ya plasta. Hatua inayodaiwa ni ile ambayo mtu akisimama mbele ya jengo anaweza kujibu ndiyo au hapana: slabu imemwagwa yote au haijamwagwa, madirisha yote ya fleti yako yana vioo au hayana. Na anayejibu asiwe muuzaji. Awe msanifu au mkadiriaji majenzi huru, nawe uwe na haki ya kuingia na kukagua kabla ya kulipa.

Kuna maneno mengine machache ambayo nimeyakuta pia katika ofa ya huyu msomaji, nayo huivunja ratiba nzima. Pembeni ya kila hatua imeandikwa tarehe, kisha chini kabisa, kwa herufi ndogo: "au tarehe iliyotajwa, lolote litakalotangulia". Maana yake ni kwamba tarehe ikifika kabla ya slabu, unalipa bila slabu. Hapo hujapewa ratiba ya hatua. Umepewa kalenda iliyovishwa majina ya hatua. Maneno hayo yafutwe, na tarehe ihamishiwe upande wa muuzaji: iwepo siku ya mwisho ya kukabidhi ambayo ikipita unaweza kuvunja mkataba na kurudishiwa fedha zako zote pamoja na riba. Bila tarehe hiyo, mwendelezaji aliyesimamisha kazi anaweza kudai kwamba hajakiuka lolote, kwa kuwa hatua haijafika naye hajakudai.

Kama unanunua kwa mkopo, tazama pia siku unazopewa kati ya kudaiwa na kulipa. Ofa hii inatoa siku 7. Benki nyingi hutuma mthamini wake kabla ya kuachia fedha, na kazi hiyo mara chache huisha ndani ya wiki, kwa hiyo riba ya ucheleweshaji itaanza kukuhesabia ukiwa hujakosea kitu. Omba siku 30, zihesabiwe tangu upokee cheti, si tangu barua ilipoandikwa.

Huenda muuzaji akakataa kubadilisha asilimia zote. Ikiwa ni lazima uchague, pigania kwanza fungu la mwisho. Asilimia 5 za funguo ni ndogo mno. Mtu anaweza kuona ni nafuu kuziacha kuliko kurudi kurekebisha bomba linalovuja. Ukizifikisha 15 au 20, na zikafungamanishwa na kibali cha kukaliwa badala ya funguo pekee, umepata sehemu kubwa ya ulinzi unaohitaji hata kama mafungu ya mwanzo yamebaki mazito kidogo.

Na zile asilimia 10 za kushika nafasi, ambazo msomaji wangu ameambiwa azilipe kabla ya wiki hii kwisha, zisitoke mpaka barua ya ofa iseme wazi kwamba zitarudishwa zote iwapo pande mbili hazitakubaliana juu ya mkataba. Rasimu ya mkataba iambatanishwe na ofa tangu sasa, kwa maana akishalipa fedha isiyorudishwa ndipo aone vifungu, atakuwa anajadiliana huku muuzaji tayari ameshika sehemu ya kumi ya bei.