Mgonjwa wa kifafa akianza kupepesuka, tazama dawa kwanza

Ukianza kazi katika klinika ya kifafa Kisumu au Kakamega, dawa utakazokutana nazo sana ni fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini. Jifunze mapema kila moja inagusa wapi, maana malalamiko ya mgonjwa hutokana na pale dawa inapogusa.

Fenobabitoni huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza seli za ubongo. GABA ikifungua mlango wa kloridi, dawa huufanya ukae wazi kwa muda mrefu zaidi. Seli nyingi hutulizwa, hata zisizo na tatizo, ndiyo maana usingizi huja tangu siku za mwanzo. Kwa wengi hupungua baada ya wiki chache. Mtoto anaweza kufanya kinyume: hatulii, hakai darasani.

Fenitoini na kabamazepini hushika mlango wa sodiamu. Seli ikifyatua mfululizo, mlango huo hujifunga kidogo ili upumzike, na dawa huuzuia usiamke haraka. Hivyo huzibana zaidi seli zilizochachamaa, na kwa dozi ya kawaida mgonjwa hasinzii sana. Ikizidi, macho na mwendo ndivyo vinavyoharibika.

Chukua mtu mzima wa Ahero anayemeza fenitoini miligramu 300 kila usiku. Bado anaanguka, basi anaongezewa hadi 400. Wiki mbili baadaye anaona vitu viwili viwili na kupepesuka, na majirani wanasema amelewa. Mwambie afuate kidole chako kwa macho bila kugeuza kichwa: macho yanachezacheza yakifika pembeni. Mwambie atembee kisigino kikigusa vidole: anayumba. Sababu iko kwenye ini. Vimeng'enya vinavyovunja fenitoini hujaa kazi, kwa hiyo nyongeza ndogo ya dozi hupandisha kiwango cha damuni kupita kiasi. Kiwango kinachotakiwa ni miligramu 10 hadi 20 kwa lita. Pima kama maabara inaweza, zungumza na daktari kuhusu kusitisha dozi kwa muda mfupi, kisha rudi 300. Ukihitaji kuongeza tena, nenda kwa 25 au 50, si 100.

Kabla ya kulaumu dozi, uliza ameanzishiwa dawa gani nyingine. Isoniazidi, inayotumika sana huku kwetu kutibu na kuzuia kifua kikuu, hupunguza kasi ya ini kuvunja fenitoini. Mgonjwa anaweza kupepesuka bila dozi yake kuguswa.

Upele ni jambo jingine kabisa. Dawa zote tatu zinaweza kuuleta, hasa miezi miwili ya kwanza, na ukiambatana na homa au vidonda vya mdomo na macho, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Dawa iliyouleta isirudiwe. Lakini usimwache bila kinga: kukata fenobabitoni ghafla huweza kuleta degedege zisizokoma, kwa hiyo daktari huanzisha dawa nyingine wakati huo huo.