Simu ya lipa mdogo mdogo, mkopo wa benki na kadi ya awamu: ipi halali, ipi nafuu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni dereva wa bodaboda, naishi Mbagala. Nahitaji simu janja ya kupokelea oda za abiria. Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, simu ninayoitaka ni 450,000 keshi. Kuna kampuni inanipa simu hiyohiyo kwa kianzio cha 90,000, kisha 1,500 kila siku kwa mwaka mzima, na wakala wao anasema hakuna riba. Kaka yangu ana mshahara, anasema bora akope benki kwa jina lake tulipe pole pole, itatoka hela ndogo zaidi. Pia ana kadi ya benki inayogawa malipo kwa miezi 6. Ipi ni halali na ipi ni nafuu kweli?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Shukrani zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, swalla Allahu alayhi wasallam.

Ndugu yangu, umeuliza mambo mawili, na usiyachanganye. Kuna hukumu ya mkataba, na kuna hesabu ya pesa. Katika suala lako vinakwenda njia mbili tofauti: mkataba wa bei ghali unaweza kuwa halali, na ule wa bei nafuu ukawa riba. Kwa hiyo nitaanza na hukumu, kisha tupige hesabu.

Kuuza kitu kwa awamu kuna asili katika dini yetu. Bi Barira, Allah amridhie, aliandikiana na mabwana zake ajikomboe utumwani kwa uqiya 9 za fedha, kila mwaka uqiya 1, na habari hiyo ameipokea Imam Bukhari kutoka kwa Bi Aisha. Mtume mwenyewe, swalla Allahu alayhi wasallam, alinunua chakula kwa Myahudi kwa mkopo na akaweka rehani deraya yake ya chuma. Na jumhuri ya wanazuoni, wa madhehebu zote 4, wanaruhusu bei ya kulipa baadaye izidi bei ya keshi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1990 lilikubali hivyohivyo. Sharti ni kwamba mkishapeana mkono bei iwe moja, inayojulikana, na isipande tena. Mkiachana bila kuamua kama ni keshi au awamu, hapo hakuna biashara iliyofungwa.

Kwa hiyo kampuni kukuuzia simu kwa 637,500, yaani kianzio chako pamoja na siku 365 za 1,500, wakati keshi ni 450,000, peke yake si riba. Lakini ruhusa hii ni ya muuzaji. Si ya mkopeshaji aliyevaa kanzu ya muuzaji, na hapa ndipo watu wengi wa mjini wanapopotea.

Angalia karatasi, usimsikilize wakala tu. Risiti ya EFD imetoka kwa jina la nani, na ya kiasi gani? Ikiwa duka limekukatia wewe risiti ya 450,000, halafu mkataba wa kampuni unaandika kwamba umekopeshwa 360,000 na utarudisha 547,500, basi duka ndilo lililokuuzia simu, na kampuni imekulipia deni tu. Hizo 187,500 za juu ni ziada juu ya pesa iliyokopeshwa, na hiyo ni riba hata wakiiita ada, gharama ya huduma au kitu kingine. Lakini ikiwa kampuni imeinunua simu kwanza, ni mali yake, ikiibiwa kabla hujakabidhiwa hasara ni yake, kisha yenyewe ikakuuzia kwa 637,500, hiyo ni biashara. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho, na katazo hilo ndilo linalotenganisha pande hizi mbili. Neno la wakala kwamba hakuna riba halibadilishi kilichoandikwa.

Jambo la pili la kusoma ni kifungu cha kuchelewa. Mikataba mingine, usipolipa, simu inajifunga na siku zako zinasogea mbele bila nyongeza. Hiyo haina ubaya kwa maoni yangu, kwa sababu baraza hilohilo liliruhusu muuzaji aweke bidhaa rehani mpaka alipwe, na kuifunga simu kunafanana na kuishika rehani. Mikataba mingine inaongeza faini kila siku unayochelewa, na pesa inaingia mfukoni mwa kampuni. Hiyo ndiyo riba ya zama za ujahili yenyewe, ya kumwambia mdaiwa alipe au aongeze. Mkataba wenye kifungu hicho usiutie saini, hata ukiwa na uhakika wa kulipa kila siku. Dereva wa bodaboda anaijua wiki ya mvua za masika, anajua na siku pikipiki inapolala gereji. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inamwamuru mdai ampe muda mwenye dhiki, si kumwongezea.

Tuje sasa kwenye hesabu. Umebakiwa na deni la 360,000 baada ya kianzio, na utalipa 547,500. Ziada ni 187,500. Mtu atagawa na kusema ni asilimia 52. Hapana, ni zaidi ya hapo, kwa sababu hukai na 360,000 za watu mwaka mzima. Kila siku unarudisha, na kadiri miezi inavyokwenda kiasi kilichobaki mkononi mwako kinapungua. Kwa wastani wa mwaka unakuwa umeshika kama laki 2 tu za kampuni, na kwa hizo laki 2 unalipa 187,500. Kipimo sahihi, kile kinacholingana na riba ya benki ya mwaka inayohesabiwa kwenye salio, ni karibu asilimia 90.

Mkopo wa kaka yako uweke pembeni yake. Tuseme benki inampa 360,000 kwa asilimia 18 kwa mwaka, riba inayopungua na salio. Atalipa kama 33,000 kwa mwezi, na jumla ya mwaka ni 396,000. Ziada ni 36,000 na kidogo, ukiacha ada ya maombi na bima. Kama asilimia 18 hiyo inahesabiwa bapa, yaani juu ya 360,000 yote mpaka mwezi wa mwisho, ziada ni 64,800, na kipimo chake sahihi kinafika karibu asilimia 32. Kwa vyovyote vile kaka yako amesema kweli: kwa shilingi, benki ni nafuu mara tatu au tano kuliko 1,500 ya kila siku.

Pamoja na hayo siwezi kukwambia uchukue. Mkopo wa kurudisha kwa ziada iliyoshurutishwa ni riba, iwe asilimia 90 au 2, na aliyeuchukua na aliyesaidia kuuandika wote wanahusika. Unafuu hauhalalishi. Na hao wenye simu nao wasijifiche nyuma ya ruhusa ya biashara, kwa maana mkataba unaweza kusihi na bado muuzaji akawa amemlalia mtu asiyejua bei. Mimi naliona hilo linatokea kwa vijana wetu kila siku, na linaniuma, kwani wanaolipa bei hiyo ndio wenye kipato kidogo kuliko wote.

Kadi ya kaka yako inafuata njia ya mkopo. Benki inamlipa mwenye duka siku hiyohiyo, na kaka yako anabaki kudaiwa na benki, ambayo haikuwahi kumiliki simu. Kwa mfano, ikitoza asilimia 5 mara moja kwa manunuzi ya 600,000 ya miezi 6, ada ni 30,000, na kwa kuwa anarudisha 100,000 kila mwezi, kipimo cha mwaka ni kama asilimia 17, si 5. Pale benki isipotoza chochote, wala faini ya kuchelewa, hukumu inakuwa nyepesi, ila uliza bei mara mbili dukani. Kariakoo bei ni ya kupatana, na mwenye duka akishajua unalipa kwa awamu za kadi, ile punguzo ya keshi mara nyingi inaondoka. Punguzo uliyonyimwa nayo ni gharama, ingawa haiandikwi popote.

Ufanye nini basi? Kwanza jiulize kama simu unaihitaji leo au unaweza kusubiri. Ukianza na kianzio chako cha 90,000 na ukaweka 1,500 ileile kila siku, siku ya 240 unayo 450,000 kamili. Kampuni inakudai siku 365. Siku 125 za katikati, miezi minne ya kuamka alfajiri, ndiyo bei ya kutosubiri. Kama simu itakuingizia abiria ambao usingewapata, na faida yao kwa miezi minane ambayo ungesubiri inazidi 187,500, kununua kwa awamu kuna mantiki. Kama simu uliyonayo inapokea oda japo kwa shida, subiri.

Ikiwa huwezi kusubiri, mrudie kaka yako kwa njia nyingine. Kama ana 450,000 ya akiba yake mwenyewe, akukopeshe bila ziada, na hilo ni jema lenye malipo makubwa kwa Allah. Asipoweza kusamehe faida, anunue simu yeye Aggrey, risiti iwe ya jina lake, aishike mkononi, na ndipo akuuzie, tuseme kwa 480,000. Utampa kianzio 90,000, zitabaki 390,000, na kwa 1,500 kwa siku unamaliza siku ya 260. Amepata 30,000 za halali, na wewe umepona siku 105 za deni. Andikianeni na muweke mashahidi wawili, kama ilivyoamrishwa katika aya ya 282 ya sura hiyohiyo, ili undugu usiharibike. Tahadhari moja: msifunge mauzo kabla hajainunua, na fedha ya kununulia isitoke kwenye mkopo wa riba.

Na kama hana akiba lakini mshahara anao, aulize kwenye benki inayofuata sharia. Hapa Dar es Salaam Amana Bank ipo tangu mwaka 2011, na benki nyingine zimefungua madirisha ya Kiislamu. Huko nako aulize yaleyale: nani ananunua bidhaa, nani anabeba hasara kabla ya kukabidhi, bei ya mwisho ni shilingi ngapi, na akichelewa pesa ya faini inakwenda wapi. Pengine kwa simu moja watamwambia kiasi ni kidogo mno, na hapo mrudi kwenye akiba.

Wallahu a'lam.