Jibu: Fangasi wa mdomoni wa mama mdogo

"Mama mdogo anaishi na VVU, sasa ana utando mweupe mdomoni. Daktari kasema ni fangasi wake mwenyewe, hakuambukizwa. Inawezekanaje?"

Pole kwa kuuguza, ndugu. Daktari yuko sahihi. Fangasi aitwaye kandida huishi kinywani mwa watu wengi wazima bila kuwadhuru, kwa idadi ndogo, akiwa kama vichembe vya mviringo. Bakteria wa mdomoni humnyima nafasi, na mate humsafisha. Walinzi wakuu ni seli za CD4, zinazoita chembe nyeupe nyingine kwenye ngozi laini ya kinywa.

VVU huua seli hizo. Zikishuka chini ya 200 katika milimita moja ya ujazo ya damu, kandida hupata mwanya: huota nyuzi ndefu zinazopenya ngozi ya ulimi na mashavu. Ule utando ni fangasi pamoja na seli zilizokufa. Ukifutwa kwa kitambaa hubanduka, ukiacha pekundu panapouma. Mabaki ya maziwa hayaachi kidonda.

Muulize jambo moja leo: chakula kinamuuma kifuani akimeza? Kama ndiyo, huenda fangasi ameshuka kwenye koo la chakula. Hapo dawa ya matone ya nistatini haitoshi. Atahitaji dawa ya flukonazoli, kwa kawaida wiki mbili hadi tatu, kwa maelekezo ya daktari. Mpeleke pia apimwe CD4 na wingi wa virusi, maana fangasi atarudi kinga isipopanda.