Kamba ikijizonga kwenye propela: niliyomfundisha mpwa wangu kule Karange

Nawaandikia vijana mnaoanza kazi kwenye boti za mashine ya kupachika. Kamba ikiingia kwenye propela utaisikia kabla hujaiona. Mlio wa mashine unashuka ghafla, mkono unatetemeka, chombo kinapunguza mwendo kana kwamba kimeshikwa, na mara nyingi mashine inazima yenyewe. Dakika mbili tatu zinazofuata ndizo zenye hatari kuliko kazi yote ya kuitoa kamba.

Mpwa wangu alijifunza haya msimu wa kusi, tukirudi Sahare kutoka upande wa kisiwa cha Karange. Tulikuwa watatu kwenye boti ya faiba, yeye kashika mashine ya farasi 40, jarife limekunjwa katikati. Maji yalikuwa yametoka sana kwa bamvua. Mbele yetu palikuwa na boya la mtu, na mpwa wangu akapita upande mkondo unakotoka.

Hapo pana jambo la kujua. Kamba nyingi za maboya siku hizi ni za plastiki inayoelea. Maji yakijaa, kamba inanyooka hadi chini na haina shida. Maji yakitoka, inabaki ndefu kuliko kina, na ile ziada inalala juu ya maji. Mkondo husukuma boya mbali na nanga yake, kwa hiyo ziada hiyo huwa kati ya boya na upande mkondo unakotoka. Basi boya lipitie upande mkondo unakoelekea, tena kwa mbali. Ukitaka kujua mkondo unaelekea wapi, litazame boya lenyewe: limelalia upande gani, na povu linakimbia kuelekea wapi.

Mlio uliposhuka nilimwambia, "Toa moto! Weka nyutro, zima." Akafanya, lakini mkono wake ukawa tayari unakwenda kwenye gia ya nyuma. Nikamzuia. Wapo manahodha wanaorudisha nyuma kidogo ili kamba ijifungue, na kama ni mzunguko mmoja uliolegea, na ncha unaiona, huenda ikafunguka. Kamba iliyokwisha kuizima mashine haiko hivyo. Ukirudisha nyuma unaweza kuizonga upya kwa upande wa pili na kuvuta hata ile sehemu iliyobaki huru majini. Mimi simshauri mtu anayeanza ajaribu.

"Sasa tuinue mashine, mjomba?" akauliza.

"Bado. Tazama kwanza tezi."

Kamba ilikuwa imekazana kutoka kwenye propela kwenda chini. Maana yake boti ilikuwa imetia nanga kwa nyuma, kwenye wavu wa mtu, na upepo wa kusi na mawimbi vinatupiga tezi. Ubao wa tezi unaobeba mashine ni mahali pafupi kuliko pote kwenye boti. Wimbi la kwanza lilitumwagia maji ya kifundo cha mguu. Ukiwaacha watu wawili wakakimbilia nyuma kuinamia mashine, tezi inazama zaidi, na wimbi la tatu au la nne linaweza kuijaza boti. Boti nyingi huzamia hapo, na wenyewe wanadhani wamezamishwa na mashine mbovu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuigeuza boti ielekeze omo kwenye mawimbi. Nilimwambia mwenzetu wa tatu akae mbele, aanze kufua maji, na nanga yetu iwe tayari miguuni pake. Hatukuitupa, maana chini palikuwa na wavu. Tungeongeza tatizo la pili. Mpwa wangu alichukua kamba yetu ya akiba, akaifunga omo, akaipitisha nje ya ubavu wa boti hadi tezi. Ipite nje ya kila kitu, isikatishe juu ya watu wala juu ya jarife. Kisha, akiwa amepiga magoti na mimi nimemshika mkanda wa jaketi la kuokolea, akaifunga ile kamba ya akiba kwenye kamba iliyokazana, chini ya propela, kadiri mkono ulivyofika. Fundo lenyewe ni mizunguko mitatu iliyosongamana, kisha kitanzi juu yake, linalobana kadiri linavyovutwa. Linashika hata kwenye kamba iliyokazana, huhitaji kuilegeza kwanza.

Ndipo akakata, kati ya fundo na propela, akiacha mkia wa mkono mmoja chini ya kisu. Boti ikateleza, ikazunguka, omo ikakabili kusi, na maji yakaacha kuingia. Tukawa tumeshikwa na wavu uleule, lakini kwa mbele. Mkia ule alioacha una maana: bila huo, fundo lingechomoka na wavu wa watu ungepotea chini, ukaendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewala.

Sasa ndiyo tukainua mashine na kuifunga kwa kitasa chake isianguke mkononi mwa mtu. Gia nyutro. Kamba ya swichi ya kuzimia tukaichomoa. Kofia za plagi zote mbili tukazing'oa. Mpwa wangu aliona ni kupoteza muda, kwa kuwa mashine ilikuwa imezima. Lakini gia ikiwa imeshika bila wewe kujua, kuizungusha propela ni kuizungusha mashine, na mashine yenye moto na mafuta ndani inaweza kupiga mara moja. Mara moja inatosha kuondoa vidole.

Kabla ya kukata, fungua. Propela ya kawaida, ukiitazama kutoka nyuma ya boti, ikienda mbele huzunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa. Kamba basi imejizonga hivyohivyo, na wewe unaizungusha propela kinyume, taratibu, huku mkono mwingine unavuta ncha. Mizunguko ya juu ilitoka hivi bila kisu. Ya ndani ilikuwa imeyeyuka kwa msuguano ikawa donge gumu la plastiki, na hilo halifunguki. Mpwa wangu alitumia kisu cha meno, akilikata kwa kufuata urefu wa kitovu cha propela, kati ya panga na panga, akielekeza ncha ya kisu nyuma, mbali na mashine. Sababu ni kwamba mbele ya propela, pale ekseli inapotokea, kuna sili ya mpira inayozuia maji yasiingie kwenye gia. Ukiikwaruza kwa kisu, umeharibu kitu kikubwa kuliko ulichokuwa ukitengeneza.

Propela hatukuivua baharini. Ingewezekana, ila nati moja ikidondoka umemaliza safari. Ikilazimu, funga kwanza gunia au ndoo chini yake. Sisi tulihakikisha inazunguka huru kwa mkono, tukarudisha kofia za plagi, tukaiteremsha mashine. Kabla ya kuondoka tuliunga kamba ya mwenye wavu na kipande chenye boya lake, tukaiacha.

Tuliwasha na kwenda kwa moto mdogo, tukiangalia mambo mawili. Kwanza, mashine inakojoa? Imetoka kulemewa, na maji ya kupoza yasipotoka, izime palepale. Pili, ukiongeza moto kidogo, mlio unapanda na boti inasogea? Mlio ukipanda na boti ikabaki palepale, bushi ya mpira ndani ya propela imeachia. Hapo nenda polepole sana, pengine itakufikisha, lakini usiilazimishe. Yetu ilishika vizuri.

Tulipofika pwani mpwa wangu alidhani kazi imekwisha. Propela inazunguka, mashine inavuta, kamba imetoka. Nikamwambia aivue.

Aliinyoosha kotapini kwa plaizi akaichomoa, akaweka kipande cha ubao kati ya panga na bati lililo juu yake ili propela isizunguke, akalegeza nati. Kila kilichotoka alikipanga juu ya kitambaa kwa mfuatano wake: nati, washa, propela, na mwisho ile washa nene iliyokaa mbele ya propela. Ina upande wake, ukiigeuza propela haikai sawa.

Nyuma ya washa hiyo, imejikandamiza kwenye sili, palikuwa na mshipi. Haukuwa wa kamba ya asubuhi ile. Ulikuwa uzi mwembamba wa kuvulia, umekuwa wa kijani kwa kukaa majini, umejizonga mara nyingi hadi umechimba mfereji kwenye mpira. Uzi kama huu hauzimi mashine wala haubadilishi mlio. Unaingia siku yoyote mtu anapotupa mshipi uliokatika, na unaendelea kukata sili kimyakimya. Mpwa wangu aliutoa kwa kijiti cha mti kilichochongwa, si kwa msumari, ili mdomo wa sili usichanike zaidi.

Usiku ule tuliiacha mashine imesimama wima. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yakiwemo hushuka chini. Asubuhi nikamwita aje na kopo, alegeze kidogo tu skrubu ya chini kwenye sanduku la gia.

Yalianza kutoka matone ya maji, kisha oili nyeupe kama chai ya maziwa.

"Lakini jana imetuleta vizuri, mjomba."

Ilituleta, ndiyo. Oili iliyochanganyika na maji hailainishi vyuma inavyotakiwa, na maji ya chumvi hula gia na beringi wakati boti imeegeshwa. Ingeendelea kutuleta vizuri mpaka siku gia inasagika tukiwa nje ya Karange. Kuongeza oili mpya juu yake hakusaidii, kwa kuwa maji yatarudi kupitia njia ileile.

Fundi alibadilisha sili, zipo mbili zinazofuatana, na akalipima sanduku kwa upepo kuona kama linavuja. Mpwa wangu ndiye aliyejaza oili ya gia: unaisukuma kutoka tundu la chini mpaka itokee tundu la juu bila mapovu, unafunga la juu kwanza, kisha la chini haraka, na washa ndogo za skrubu zote mpya. Akapaka grisi ya baharini kwenye ekseli, akarudisha propela, akatia kotapini mpya. Ile ya zamani ikishakunjwa na kunyooshwa huvunjika.

Baada ya safari chache alilegeza tena skrubu ya chini. Oili ilitoka safi. Sasa kila Ijumaa, boti ikiwa imepumzika, huivua propela na kuangalia nyuma ya washa. Na nyinyi mkipewa boti, ombeni spana ya nati ile na kotapini za akiba kabla ya kuuliza mgao wa mafuta.